Kukimbia peke yako milimani Uingereza: ujumbe wa kuacha, simu ya kubeba na la kufanya ukipotea

Ukiishi Manchester au Sheffield, treni inakufikisha Edale kwa muda usiofika saa moja. Unashuka stesheni, unafunga kamba za viatu, na baada ya muda mfupi uko juu ya Kinder Scout, mlima wa mita 636 usiokuwa na kilele cha kuonekana. Juu yake ni uwanda mpana wa udongo mweusi uliochimbika mitaro kila upande. Siku ya jua ni mahali pazuri mno pa kukimbia. Siku ya ukungu unaweza kuzunguka humo saa nzima ukidhani unakwenda mbele. Nitautumia mlima huu kama mfano, kwa sababu mambo yanayowapoteza watu hapa ndiyo hayo hayo utakayoyakuta Wales, Scotland na kwingineko.

Tuanze na ujumbe unaomwachia mtu kabla ya kutoka. Wengi wetu tunatuma lokesheni ya moja kwa moja kwenye WhatsApp, basi, tunajiona tumemaliza. Lokesheni hiyo inategemea mtandao, na bonde la Edale lina sehemu nyingi ambazo mtandao haushiki. Ukipotea sehemu kama hizo, anayekufuatilia atabaki anaona pale simu yako iliposhika mara ya mwisho. Hajui kama umesimama kunywa maji, umevunjika mguu, au betri imeisha. Itumie kama nyongeza, nzuri tu, lakini kinachokuokoa ni mtu anayejua njia uliyopanga na saa ya kuanza kuchukua hatua.

Mtu huyo awe nchi uliyopo. Mama yako aliyeko Mombasa au kaka aliyeko Mwanza atakuombea na atakesha, lakini akipiga 999 kutoka kule simu haifiki kwa polisi wa Uingereza. Kama nyumbani lazima wajue, waambie, ila kazi ya kuita msaada mpe jirani, mwenzako wa kazini au rafiki wa msikitini au kanisani aliye karibu. Mweleze ana kwa ana siku moja kabla, asije akaupokea ujumbe akauona ni salamu za wikendi.

Na saa uiandike kwa tarakimu za saa 24. Ukimwandikia ndugu "nitarudi saa nane", mmoja ataelewa mchana na mwingine, hasa mtoto aliyekulia huku, ataelewa 20:00. Hayo ni masaa sita ya mtu kukaa kwenye baridi bila yeyote kuhangaika.

Tuchukue Jumamosi ya katikati ya Novemba, jua linapozama muda mfupi baada ya 16:00. Ujumbe ungekuwa hivi:

"Naanza stesheni ya Edale 10:30. Napita Upper Booth, napanda Jacob's Ladder, nafuata ukingo wa kusini wa Kinder kuelekea mashariki hadi Grindslow Knoll, kisha nashuka Edale. Kama kilomita 13. Ukungu ukiwa mzito nikifika juu ya Jacob's Ladder, narudi njia ile ile. Nategemea kumaliza 12:45, nitakupigia. Ikifika 14:30 hujanisikia na simu yangu haipatikani, piga 999, omba polisi, kisha uwaambie unahitaji Mountain Rescue, waokoaji wa milimani. Nina jaketi la rangi ya chungwa, suruali nyeusi, begi dogo la buluu."

Angalia kilichomo. Kuna njia na upande unaoelekea, kuna mpango wa pili, kuna rangi za nguo, na kuna saa mbili tofauti: ya kumaliza na ya kuita msaada. Nafasi kati ya hizo mbili ni kwa ajili ya kuteguka kidogo, kuchelewa treni, au simu kutoshika bondeni. Nimeiweka 14:30 makusudi, ili waokoaji wapate mwanga kidogo kabla ya giza. Mkishakubaliana saa hiyo, mwenzako asianze kusitasita na kusema "ngoja nimpe nusu saa nyingine". Na wewe ukibadilisha njia, mtumie neno kabla hujatoka mahali penye mtandao.

Njia yenyewe usiitangaze kwa kila mtu. Programu za mbio zinaweza kuonyesha nyumba unapoanzia na saa zako za kawaida. Ingia kwenye mipangilio ya faragha, ufiche mwanzo na mwisho wa mbio zako, hasa kama wewe ni mwanamke unayekimbia peke yako njia ile ile kila wiki.

Sasa simu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kipokezi cha satelaiti ndani ya simu kinafanya kazi hata bila mtandao. Kinachokosekana ni picha ya ramani, kwa hiyo ipakue ramani ya eneo hilo ukiwa nyumbani, kisha ijaribu: weka simu kwenye hali ya ndege ufungue ramani. Ikionekana vizuri pamoja na vijia vidogo, umejiandaa. Pamoja na hiyo beba ramani ya karatasi na dira. Ya eneo hili ni Ordnance Survey Explorer OL1.

Betri huuawa na vitu viwili, baridi na kutafuta mtandao. Simu iliyofungwa mkononi kwenye upepo wa Novemba inaweza kuzima ghafla ikiwa bado inaonyesha chaji. Iweke mfuko wa ndani karibu na tumbo, kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Huko juu mimi ningeiweka kwenye hali ya ndege, niifungue tu mahali ninapojua inashika ili nitume neno moja, "Niko juu ya Jacob's Ladder, naendelea". Pawabenki ndogo na waya wake haina uzito wa kulalamikia. Jizoeze pia kupiga simu ya dharura kwa vitufe vya pembeni, kwa sababu kidole kilicholowa na kuganda hakifanyi lolote kwenye kioo.

Fanya na hili leo ukiwa kwenye kochi: tuma neno `register` kwenda 999. Utajibiwa na maelekezo, na ukijibu `yes` laini yako itakuwa imesajiliwa kutuma meseji za dharura. Mtandao dhaifu unaokataa kupiga simu mara nyingine hupitisha meseji.

Begini weka koti la mvua, sweta moja kavu iliyofungwa kwenye plastiki, glavu, kofia, filimbi, tochi ya kichwani, chakula kidogo, na mfuko wa dharura wa kuingia mwili mzima. Mfuko, si ile shuka nyembamba inayopeperuka. Mkimbiaji anavaa nguo nyepesi kwa sababu mwili wake unajipasha moto wenyewe. Ukisimama, moto huo unakatika, na jasho lililoko kwenye fulana linaanza kukupoza papo hapo.

Kwa sababu hiyo, siku utakapohisi umepotea, la kwanza ni kusimama na la pili ni kuvaa. Vaa kila kitu kabla hujafungua ramani, kisha kula kidogo. Mtu aliyeanza kutetemeka hasomi ramani vizuri.

Turudi kwenye mfano wetu. Umepita Jacob's Ladder, unakimbia kuelekea mashariki, na bonde la Edale liko mkono wako wa kulia. Ukungu ukashuka. Baada ya muda huoni tena mawe ya ukingoni, njia imepotea, na unaruka mitaro ya udongo mweusi inayokupita kimo. Hiyo ndiyo dalili: umeuacha ukingo, umeingia katikati ya uwanda kwa upande wa kaskazini. Jiulize ni wapi ulikuwa na uhakika mara ya mwisho, na umekimbia dakika ngapi tangu hapo. Fungua ramani ya simu, subiri alama yako itulie, ulinganishe na dira. Kama vyote vinakubaliana, na una nguvu, shika kusini kwa dira polepole mpaka uikute njia ya ukingoni. Ukiikuta usiteremke moja kwa moja kwa sababu tu unaona bonde. Chini ya ukingo kuna miamba na makorongo. Fuata njia, urudi ulikotoka.

Ule ushauri tuliokua nao, kwamba ukipotea fuata maji yatakufikisha kwa watu, hapa usiufuate. Vijito vya katikati ya Kinder vinakusanyika kwenda magharibi na kumwagika Kinder Downfall, maporomoko ya kama mita 30.

Kama hujui ulipo, umeumia, au giza linakukuta, baki hapo hapo. Tafuta jiwe la kukukinga na upepo, kalia begi usikalie udongo, ingia kwenye mfuko, na upige 999. Hata kioo kikiandika hakuna huduma, piga, kwani simu ya dharura inaruhusiwa kupitia mtandao wowote ulioko hapo hata kama si wako. Omba polisi kwanza, kisha Mountain Rescue. Wape namba za gridi kutoka kwenye ramani, zile zinazoanza na herufi SK kwa eneo hili. Herufi mbili na tarakimu sita zinawaleta ndani ya mraba wa mita 100. Sema jina lako, maumivu yako, nguo ulizovaa na chaji iliyobaki. Huenda wakakutumia meseji yenye kiungo cha kubofya ili waone ulipo. Baada ya hapo usihame, na usitumie simu kumpigia kila mtu. Wao ndio watakaokupigia.

Kisha filimbi: puliza mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Usiku fanya vivyo hivyo kwa tochi. Ukisikia mipulizo mitatu ya filimbi, hayo ni majibu, na uendelee kupuliza mpaka wakufikie.

Kuna wenzetu wanaochelewa kupiga kwa kuogopa bili. Waokoaji wa milimani Uingereza ni watu wa kujitolea na hawakutozi kitu. Uswisi ni tofauti, helikopta huko inalipiwa, kwa hiyo hakikisha bima yako inaigusa kabla ya kwenda. Kwa Ulaya namba ni 112, Marekani na Kanada ni 911.

Ukijikwamua mwenyewe baada ya msaada kuitwa, piga 999 tena mara simu inaposhika, hata kama tayari uko kwenye treni. Kabla ya simu hiyo, wanakikosi watakuwa bado wanakutafuta kwenye ukungu ule ule.