Dakika tano za kupanga insha ya mjadala

Somo hili linahusu swali la aina moja tu: lile linalokupa mitazamo miwili inayopingana, likakutaka uijadili yote kisha utoe maoni yako. Utalikuta sana kwenye sehemu ya pili ya mtihani wa kuandika wa IELTS, ule wa kupima Kiingereza, ambako una dakika 40 na maneno yasiyopungua 250, ingawa njia yenyewe haibadiliki hata insha ikiwa ndefu zaidi. Mimi huzigawa dakika hizo hivi: tano za kupanga, 30 za kuandika, tano za kusoma upya. Anayeruka zile tano za kwanza hujulikana akifika aya ya tatu. Hapo upande wa pili unakuwa hauna jipya, umebaki kuzigeuza hoja za upande wa kwanza kwa kuongeza "si".

Tutumie swali hili mpaka mwisho wa somo:

"Baadhi ya watu wanaona kwamba usafiri wa umma mijini uwe bure kabisa. Wengine wanaona abiria waendelee kulipa nauli. Jadili mitazamo yote miwili kisha utoe maoni yako."

Dakika ya kwanza: wanabishania nini hasa?

Pigia mstari maneno yanayobana mada. Hapa ni "mijini", "bure kabisa" na "nauli". Kisha tafuta jambo ambalo pande zote mbili wanakubaliana, uliweke kando. Hakuna hapa anayesema mabasi ni mabaya. Wote wanayataka, na wanagombana juu ya nani ayalipie.

Kwa hiyo ukiandika kwamba mabasi yanapunguza moshi mjini, umesema kweli lakini hujajibu swali, kwa kuwa basi la kulipia nalo linapunguza moshi. Kila hoja inayokujia ipitishe kwenye kipimo hiki: je, ingebaki kweli hata kama upande wa pili ungeshinda? Ikibaki kweli, itupe. Nusu ya hoja zinazokuja haraka kichwani hufia hapa, na ni afadhali zife sasa kuliko kukulia maneno sitini ya insha.

Malizia dakika hii kwa kuandika ubishi kama swali moja fupi: "Nani alipe: abiria au kodi?"

Dakika ya pili na ya tatu: hoja zinazoangaliana

Chora mstari katikati ya karatasi, kushoto BURE, kulia NAULI. Wengi huanza kujaza kushoto mpaka wakauke, ndipo wahamie kulia. Matokeo yake kushoto kuna foleni na kulia kuna bajeti, na pande hizo mbili hazikutani popote. Msomaji anabaki na insha fupi mbili zilizogundishwa pamoja.

Badala yake, jiulize swali dogo, kisha lijibu kwa niaba ya pande zote mbili kabla ya kwenda kwa lingine.

Swali dogo la kwanza: je, watu wataacha magari yao? Upande wa bure unajibu kwamba nauli ni kizuizi, hasa kwa safari fupi za kila siku, na kikiondoka watu watapanda basi. Upande wa nauli unajibu kwamba mwenye gari anachokimbia ni kusubiri kituoni na kubanana, si bei ya tiketi. Watakaojaza mabasi ya bure ni wale waliokuwa wakitembea kwa miguu. Upande huu una mfano mzuri. Jiji la Tallinn, Estonia, liliwaondolea nauli wakazi wake waliosajiliwa mwaka 2013, na utafiti uliofuata ulionyesha kwamba kutembea kwa miguu kulipungua zaidi kuliko matumizi ya magari yalivyopungua.

Swali dogo la pili: nani anabeba mzigo? Upande wa bure: mwenye kipato kidogo humega sehemu kubwa ya pato lake kulipa nauli, wakati kodi inaweza kuchukua zaidi kwa mwenye nacho. Upande wa nauli: kwa kodi, hata asiyepanda basi kamwe analipia safari za wengine.

La tatu: matengenezo yatalipwa na nini? Kulia jibu linakuja upesi, kwamba nauli ndiyo inayonunua vipuri. Kushoto nilichopata ni kwamba kuuza na kukagua tiketi nako kunagharimu. Ni kweli, lakini ni jibu jembamba. Jozi yenye upande mmoja mnono na mwingine mwembamba nimeikata yote, na jozi mbili zinatosha kwa maneno 250.

Dakika ya nne: andika hitimisho

Sentensi hii ndiyo pekee nzima katika mpango, na inaandikwa kabla ya utangulizi. Ziangalie jozi zako, kila moja ujiulize nani kashinda. Jozi ya kwanza naona upande wa nauli umeshinda, maana kuondoa nauli hakuwatoi wengi kwenye magari. Ya pili nampa ushindi upande wa bure, maana nauli inamwumiza zaidi mwenye kidogo. Ukiyaweka matokeo hayo pamoja, msimamo unajitokeza: nauli ibaki, ila wenye kipato kidogo wasamehewe.

Linganisha na hitimisho ambalo wasahihishaji wamelichoka: "Pande zote mbili zina faida na hasara, hivyo ni muhimu kuzizingatia." Sentensi hiyo ingekaa chini ya insha yoyote, ya mabasi au ya simu shuleni. Hitimisho lako likiweza kuhamishiwa kwenye mada nyingine bila kubadilisha neno, bado hujalipata. Na si lazima liwe la katikati kama langu. Upande mmoja ukishinda jozi zote mbili, uunge mkono waziwazi.

Dakika ya tano: mpangilio

Upande unaouegemea kidogo utangulie, unaouegemea zaidi ufuate, ili msomaji afike kwenye hitimisho akiwa tayari anaelekea huko. Mpango wangu kwenye karatasi unaonekana hivi:

S: nani alipe, abiria au kodi?
A1 BURE: nauli = kizuizi, magari yapungue / mzigo wa asiyenacho
A2 NAULI: wanaohamia ni watembea kwa miguu, Tallinn 2013 / asiyepanda analipa
H: Nauli ibaki, ila wenye kipato kidogo wasamehewe, kwa sababu ubure hauwatoi wenye magari lakini unamwokoa asiyenacho.

Mistari minne. Utangulizi haumo, kwa kuwa ni mstari wa S uliogeuzwa kuwa sentensi mbili.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi upande nisioukubali huwa sipati hoja kabisa. Dakika zote tano zinaishia hapo.

Jibu: Marahaba. Acha kutafuta hoja, mtafute mtu. Jiulize ni nani angepoteza kitu kama upande wako ungeshinda. Ukiwa unataka mabasi ya bure, mfikirie mtunza hesabu wa jiji au mkazi wa pembeni ambako basi halifiki. Muulize mmoja wao analalamikia nini, utapata hoja. Ukishaiandika, jipime: mtu huyo akiisoma angekubali kwamba umemsemea vizuri? Ukiona umemfanya aonekane mjinga, msahihishaji naye ataona.

Swali: Insha yenyewe naandika kwa Kiingereza. Naruhusiwa kupanga kwa Kiswahili?

Jibu: Hakuna anayesahihisha mpango, panga kwa lugha inayokwenda mbio. Ila mstari wa H uandike kwa lugha ya insha, pamoja na nomino mbili tatu kuu za kila upande. Hoja tamu kwa Kiswahili inaweza kukukwama dakika ya 25 kwa kukosa neno lake, na wakati huo huna pa kurudi. Ukikosa neno wakati wa kupanga, unabadilisha hoja tu.

Swali: Kwa nini usiweke pande zote mbili ndani ya aya moja? Aya ya kwanza swali la magari, ya pili swali la mzigo. Mimi ndivyo ninavyofanya na inanikubali.

Jibu: Ni mpangilio halali, na jozi zinaufaa vizuri kwa sababu kila jozi tayari ni aya. Nautumia insha ikiwa ndefu. Kwa maneno 250 nauogopa kidogo: ndani ya aya moja unakwenda kushoto, unarudi kulia, na baada ya "hata hivyo" ya tatu msomaji hajui tena anayesema ni nani. Kama aya zako hazina zaidi ya mgeuko mmoja kila moja, endelea.

Swali: Msimamo wangu niutaje kwenye utangulizi au nimfiche msomaji mpaka mwisho?

Jibu: Swali likiomba maoni yako, kuutaja kwa sentensi moja mwishoni mwa utangulizi hakuna ubaya, na kunamsaidia msomaji kuona insha inakwenda wapi. Usiutetee hapo. Na likisema "jadili" peke yake, bila kuomba maoni, pima pande mbili mwishoni bila kutumia "mimi naona".

Swali: Na mfano kama ule wa Tallinn, nisipokuwa nao?

Jibu: Andika wa kawaida: mfanyakazi anayepanda mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Usibuni utafiti wala asilimia. Takwimu ya kubuni hujulikana kwa jinsi inavyokaa vizuri mno.

Swali: Naomba unisahihishie mpango. Mada: mtihani wa mwisho au kazi za mwaka mzima. MTIHANI: wote wanapewa maswali yaleyale, ni haki. KAZI: mwanafunzi anasoma mwaka mzima. H: zote zitumike.

Jibu: Hoja zako haziangaliani. Kushoto unaongelea haki, kulia unaongelea tabia ya kusoma. Anza na haki: upande wa kazi unasemaje? Kwamba mwanafunzi akiamka mgonjwa siku moja, mwaka wake wote unapimwa kwa siku hiyo. Sasa wa mtihani nao una la kujibu: kazi ya nyumbani huwezi kujua nani aliiandika. Hiyo ni jozi. Fanya vivyo hivyo kwa tabia ya kusoma. Halafu H yako inasema zote zitumike bila kusema kipi kipime nini. Irudie ukitaja ni ujuzi gani uachiwe mtihani na upi uachiwe kazi za mwaka, kisha uilete tena.