Kukagua muhtasari wa akili mnemba kabla haujaingia hewani: mfano wa takwimu za sensa Zanzibar

Chumba cha habari kinapotumia programu ya akili mnemba kufupisha taarifa, takwimu ya kubuni hukamatwa mapema. Inayotuponyoka mezani ni takwimu sahihi iliyopoteza maneno yake: "kwa mwaka", "wastani", "Zanzibar". Hapo ndipo ninapokaza ukaguzi.

Hatua ya 1. Kabla ya kuipa programu taarifa, isome mwenyewe na upigie mstari kila namba pamoja na maneno yanayoibeba. Tuchukue mfano huu:

"Idadi ya watu Zanzibar imefikia 1,889,773 mwaka 2022 kutoka 1,303,569 mwaka 2012, ongezeko la wastani wa asilimia 3.7 kwa mwaka."

Hatua ya 2. Agiza hivi:

```
Fupisha kwa sentensi tatu. Tumia maandishi haya tu.
Chini ya kila sentensi, nakili neno kwa neno
sehemu ya maandishi uliyoitegemea.
```

Itafute kila nukuu katika taarifa yenyewe kwa Ctrl+F, kwani programu huweza kubuni hata nukuu. Isipoonekana, sentensi yake inafutwa.

Hatua ya 3. Piga hesabu. Tuseme muhtasari umeandika: "Idadi ya watu Zanzibar imeongezeka kwa asilimia 3.7 tangu 2012 na kufikia 1,889,773." Namba zote zimo kwenye taarifa, na msomaji mwenye haraka atapitisha. Lakini ongeza asilimia 3.7 juu ya 1,303,569: unapata kama 1,351,800, mbali mno na idadi ya 2022. Ongezeko lenyewe ni watu 586,204, karibu asilimia 45 kwa miaka kumi. Kilichodondoka ni "kwa mwaka", na mwananchi wa Wete anayeona shule zinavyojaa atajua hatukuisoma taarifa.

Hatua ya 4. Kagua mamlaka. Programu hizi huchanganya Muungano na SMZ. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo habari ya Hospitali ya Mnazi Mmoja ya Unguja haiwezi kubebeshwa Waziri wa Afya wa Muungano. Na Dar es Salaam nako kuna Mnazi Mmoja yenye hospitali. Vivyo hivyo Bunge na Baraza la Wawakilishi, au tume mbili za uchaguzi. Andika jina kamili la taasisi kila inapotajwa mara ya kwanza.

Hatua ya 5. Thibitisha nje ya programu. Kuiuliza "una uhakika?" si uhakiki: huweza kushikilia kosa, au kuomba radhi na kubadilisha kilichokuwa sahihi. Kwa sensa, fungua ripoti ya Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, kisha mpigie mhusika simu ikibaki shaka.

Hatua ya 6. Muhtasari usijirushe wenyewe. Januari 2025 Apple ilisimamisha muhtasari wa habari kwenye simu zake baada ya kutoa kichwa cha uongo kilichoonekana kama cha BBC. Aliyeumia jina ni BBC, ambayo haikukiandika. Kwa hiyo mhariri aliyekagua aweke jina lake kwenye faili, na kosa likitoka, lisahihishwe tovutini, Fesibuku na katika kila kundi la Watsapu tulikolituma, tukitaja kilichokuwa kimekosewa.