Picha ya karatasi kabla ya kubadilisha sura

Ukitaka kutumia programu ya kompyuta kuhamisha sura kutoka kwenye picha ya zamani ya karatasi kwenda picha nyingine, anza kwa kupima kichwa kwa rula. Kwenye picha ya ukoo, kichwa cha sentimita 1.5 kikiskaniwa kwa 300 dpi, yaani nukta 300 kwa kila inchi, kinatoa pikseli kama 177 tu. Kwa 600 dpi unapata kama 354, na hapo kope zinaonekana. Vumbi lipulizie kwa pampu ndogo ya mpira, usiifute picha kwa maji kamwe. Mkwaruzo unaokatiza jicho au pua uzibe kwenye picha iliyoskaniwa kabla ya kuhamisha sura, maana programu huudhania kuwa mkunjo wa ngozi na kuuhamisha pia. Picha inayopokea sura ikiwa imefifia na kuwa nyekundu, rekebisha rangi zake kwanza, la sivyo sura mpya itaonekana imebandikwa.