Kukagua shimo la nguzo kabla ya zege: mfano wa Ipuli, Tabora

Wanachama, tuchukue nyumba ya ghorofa moja inayojengwa Ipuli, Tabora mjini, mwezi Desemba, mvua zimeshachanganya. Mashimo ya nguzo yameshachimbwa, kila moja mita 1.2 kwa mita 1.2, na kina ni mita 1.2. Mkeka wa nondo umefungwa, mashine ya zege imekodiwa. Fundi anasema, "Mkubwa, tumwage?" Usijibu bado, shuka shimoni kwanza.

Anza na mchoro. Nguzo hii inaleta tani 20. Kitako chake kina mita za mraba 1.44, kwa hiyo kila mita ya mraba ya udongo inabeba karibu tani 14. Injinia ameandika kwamba tabaka la changarawe nyekundu libebe tani 15 kwa mita ya mraba. Nafasi iliyobaki ni ndogo. Sasa jaalia theluthi moja ya sakafu ya shimo ni laini na haibebi kitu: tani zile 20 zinahamia kwenye mita za mraba 0.96 zilizobaki, na kila mita ya mraba inapata karibu tani 21. Tena mzigo haukai katikati, kitako kinainamia upande ule laini. Ndiyo maana tunakagua kona kwa kona.

Hatua ya kwanza: tabaka. Soma kuta za shimo kutoka juu kwenda chini. Hapa sentimita 30 za juu ni udongo mweusi wenye mizizi, halafu unakuja udongo wa kahawia uliochanganyika na mchanga, na kwenye mita 1.1 inaanza changarawe nyekundu yenye punje ngumu. Sakafu nzima lazima iwe ya rangi ile na punje zile. Kina cha mchoro hakitoshi kuwa ushahidi, maana kiwanja kikiwa na mteremko, changarawe inaweza kukutwa mita 1.1 shimo hili na mita 1.4 shimo la pili.

Kisha chukua nondo ya milimita 12 yenye ncha iliyochongwa. Isimamishe wima, ikandamize kwa mikono miwili na uzito wa mwili, kwenye kona zote nne na katikati. Kwenye shimo letu iliingia sentimita 3 au 4 na kugoma, mkono unasikia ikikwaruza punje. Kwenye kona moja ikazama sentimita 30 bila kukwaruza chochote. Tukapima kila baada ya kiganja kimoja hadi tukapata mpaka wa ulaini: ukanda wa sentimita 40 upande mmoja wa shimo. Tulipofukua tukakuta njia za mchwa, mabaki ya kichuguu kilichosawazishwa zamani. Tabora vichuguu ni vingi, na kikisawazishwa juu, mapango yake ya chini hubaki.

Nondo inakuonyesha tu wapi ni laini kuliko pengine, haikupi tani. Na udongo mkavu wa kiangazi hudanganya: mfinyanzi wenye mchanga ukikauka huwa mgumu kama tofali, ukilowa unalegea. Ukikagua Septemba, mwagia maji sehemu ndogo, subiri yanywewe, ndipo uchome tena.

Ukanda ule tulichimba sentimita 35 zaidi hadi changarawe ile ile ikatokea. Pengo halikurudishiwa udongo, hata wa kushindilia. Lilijazwa zege dhaifu la 1:4:8, yaani saruji moja, mchanga nne, kokoto nane, hadi usawa wa sakafu nyingine. Ujazo ni mita 0.4 × 1.2 × 0.35, yaani kama mita za ujazo 0.17, na saruji yake ni zaidi kidogo ya nusu mfuko. Kama ungechimba nusu mita bila kufika tabaka gumu, hapo simama umwite injinia. Vivyo hivyo ukikuta udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Huo zege dhaifu halitautibu.

Hatua ya pili: maji. Usiku mvua ikanyesha, asubuhi shimo lina maji ya sentimita 10. Panua kona moja ya shimo kidogo, chimba kidimbwi hapo, nje ya eneo la kitako, chota kwa ndoo hadi kukauke. Weka alama ukutani, subiri nusu saa. Maji yasiporudi, yalikuwa ya mvua. Yakirudi na kubeba mchanga mwembamba kutoka chini, hayo ni maji ya ardhini na yanalegeza sakafu yenyewe. Kazi isimame, injinia aje.

Maji ya mvua yakiondoka yanaacha tope. Likwangue kwa chepe bapa hadi rangi ya awali na punje zionekane. Shimo letu lilihitaji sentimita 6. Naomba mtu asinyunyize saruji kavu juu ya tope: juu inaganda kama ganda, chini tope linabaki tope. Dawa bora ni kuacha sentimita 10 za mwisho bila kuchimba, uziondoe siku ile ile ya kumwaga blaindi, yaani zege jembamba la kutandika chini ya kitako.

Hatua ya tatu: uchafu. Udongo uliochimbwa ukae mita 1 au zaidi kutoka ukingoni, usirudi shimoni. Okota kwa mkono madongoa, mizizi na vipande vya mbao. Ukuta ukionyesha ufa, usishuke kabla haujaegemezwa kwa mbao.

Hatua ya nne: blaindi. Hili ni lile zege la 1:4:8, unene sentimita 5, kwenye eneo lote la kitako. Pale ulipokwangua tope, liongezwe lifidie. Gonga vijiti vya usawa, pima kutoka kwenye kamba ya leveli, lainisha kwa ubao. Limwagwe siku ile ile ukaguzi ulipopita. Likishakauka, mkeka wa nondo unakaa juu ya biskuti, vile vipande vya zege vya kuinulia nondo, za sentimita 5.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Nzega:* Shikamoo mwalimu. Fundi wangu anatupia mawe kwenye tope na kuyagonga yazame. Inafaa?

Marahaba. Haifai. Tope linapanda katikati ya mawe na kitako kinakaa juu ya mchanganyiko unaoteleza. Mkwangue kwanza. Mawe ya kushindilia yanawekwa pale tu injinia alipoagiza, juu ya udongo mgumu.

*Mwanachama wa Urambo:* Kaka, nimeambiwa nitandike nailoni badala ya blaindi, nitaokoa saruji.

Dada yangu, kwa shimo hili blaindi ni mita za ujazo 0.07, karibu robo mfuko wa saruji. Nailoni inazuia maji ya zege yasinywewe, lakini haikupi sakafu ngumu. Biskuti zinazama, nondo zinagusa udongo, kutu inaanza.

*Mwanachama wa Sikonge:* Blaindi tulimwaga Ijumaa, Jumamosi mvua kubwa, leo kuna maji juu yake. Tunaweza kumwaga zege?

Chota maji, fagia tope lote juu ya blaindi, na uondoe udongo ulioporomoka kutoka ukutani. Kisha tembea pembezoni ukigonga kwa nyundo. Panapolia kama patupu, au kipande kikicheza ukikikanyaga, maji yamepita chini yake. Hapo vunja, kwangua, umwage blaindi upya kipande hicho. Palipobaki pagumu, endelea na mkeka.