Mambo ya Kuzingatia Unapofunga Begi la Ndani ya Ndege, Safari Ikilala Njiani au Sanduku Likichelewa

Anayefunga begi la kuingia nalo ndani ya ndege hujiuliza atahitaji nini angani, ilhali swali lenye manufaa zaidi ni hili: nitahitaji nini kabla sijalifungua tena sanduku langu? Sanduku likishakabidhiwa kaunta na kubandikwa stika, mwenyewe hana njia ya kulifikia mpaka kituo cha mwisho. Hata safari ikiahirishwa hadi kesho na abiria wakapelekwa hotelini, mara nyingi mizigo hubaki uwanjani, kwa sababu kuitafuta mmoja mmoja na kuipakia upya huchukua saa nyingi. Ndiyo maana usiku wa kukwama njiani na sanduku lililochelewa kufika huandaliwa kwa namna moja.

Tuchukue mfano wa abiria anayetumia dawa ya shinikizo la damu mara mbili kwa siku. Anaondoka nyumbani Jumatatu saa 12 asubuhi akiwa amekwisha kumeza kidonge cha asubuhi, na kwa mujibu wa tiketi atafika saa 4 usiku siku hiyo hiyo, baada ya kubadilisha ndege mara moja. Akiifuata ratiba, begi lake linahitaji kidonge kimoja tu, cha jioni. Ndege ya kwanza inachelewa saa 3, ya pili inamwacha, na nafasi inayopatikana ni ya Jumanne jioni. Anafika Jumanne usiku, anasimama kwenye mkanda wa mizigo mpaka unazimwa, sanduku halionekani, na analetewa Alhamisi alasiri. Kufikia hapo amehitaji kidonge cha Jumatatu jioni, viwili vya Jumanne, viwili vya Jumatano na kimoja cha Alhamisi asubuhi, yaani vidonge 6 badala ya kimoja, na hakuna jambo lolote la ajabu lililotokea katika safari hiyo.

Kwa hiyo dawa zote za safari fupi zikae katika begi la ndani ya ndege, na kama ni dawa za miezi kadhaa ambazo haziwezi kuenea humo, basi akiba ya wiki nzima isitengane na mwenyewe. Zibaki katika pakiti zake zenye jina la mgonjwa, pamoja na nakala ya cheti cha daktari inayotaja jina la kitaalamu la dawa na kipimo chake, kwa kuwa jina la kibiashara linalofahamika nchi moja huenda mfamasia wa nchi nyingine hajapata kulisikia. Insulini haifai kabisa kuwekwa kwenye sanduku: katika sehemu ya mizigo inaweza kuganda kwa baridi, na insulini iliyokwisha kuganda haitumiki tena hata ikiyeyuka na kuonekana safi machoni. Dawa za maji zinazohitajika safarini kwa kawaida huruhusiwa hata zikizidi kipimo cha vimiminika vingine, ila zitolewe na kuonyeshwa mapema kwenye ukaguzi.

Liko jambo ambalo hata wasafiri wazoefu hulisahau. Begi la ndani ya ndege nalo linaweza kuchukuliwa. Makabati ya juu yakijaa, wahudumu huwaomba abiria wa mwisho mlangoni wakabidhi mabegi yao yapelekwe chini na mizigo mingine, na ombi hilo huja ghafla, foleni ikiwa nyuma yako. Nashauri sana vitu visivyoweza kukosekana viwekwe katika mfuko mmoja mdogo, wenye zipu, ndani ya begi hilo, ili ukiambiwa ukabidhi begi uchomoe mfuko huo kwa mkono mmoja na kuendelea na safari. Humo ziingie dawa, pasipoti, pesa na kadi ya benki, funguo za nyumba, miwani ya kuonea, simu na chaja yake, na pawabenki. Mwenye pumu aweke humo dawa yake ya kuvuta, na mfuko ukae chini ya kiti cha mbele, usipandishwe kabatini.

Pawabenki ina sababu yake ya pekee. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi katika sehemu ya mizigo, kwa kuwa zikishika moto huko hakuna wa kuuzima kwa haraka, hivyo begi linapochukuliwa mlangoni ni lazima zitolewe kwanza. Kikomo cha kawaida bila kibali cha shirika ni wati-saa 100. Kama kifaa kimeandikwa mAh peke yake, zidisha kwa 3.7 kisha ugawe kwa 1,000: pawabenki ya mAh 20,000 ina wati-saa 74, nayo inaruhusiwa. Ichajiwe usiku wa kuamkia safari, maana soketi za ukumbi wa kusubiri hugombaniwa pale ndege inapoahirishwa, na simu ndiyo yenye tiketi mpya.

Nguo hazihitaji maelezo marefu. Nguo za ndani za kubadili mara mbili, soksi, fulana moja, na sweta au shuka jepesi hata kama uendako ni joto, kwa sababu asiye na viza ya nchi anayopitia huenda akalala ukumbini, na kumbi hizo huwa na kiyoyozi usiku kucha. Anayesafiri na mtoto mchanga ahesabu nepi na maziwa kwa njia ile ile tuliyohesabu vidonge. Mwanamke aweke taulo za kike hata kama siku zake hazijakaribia. Mswaki uwemo, na dawa ya meno na mafuta ya kujipaka viwe katika vichupa visivyozidi mililita 100, na kinachopimwa ni ukubwa wa chupa, si kiasi kilichomo: chupa ya mililita 200 iliyobaki robo itachukuliwa. Viwanja kadhaa vimelegeza sharti hili, lakini kiwanja utakachounganishia safari huenda bado kinalifuata.

Mwisho ni yale yatakayolisaidia sanduku likufuate. Kabla ya kulikabidhi, lipige picha kwa nje na ukiwa umelifungua, kisha hakikisha kwamba herufi 3 zilizo kwenye stika ni za kituo chako cha mwisho. Kipande cha stika unachopewa kiingie katika ule mfuko mdogo. Lisipofika, usitoke eneo la mizigo kabla ya kuandikisha taarifa dawatini na kupewa namba ya kumbukumbu, ukiacha anwani ya mahali utakapokuwa kweli siku 2 au 3 zijazo. Tunza risiti za vitu vya lazima ulivyonunua. Kwa safari za kimataifa zinazoongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya mzigo uliochelewa hupelekwa kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu mzigo huo ulipofikishwa mikononi mwako, na taarifa ya dawatini pekee isichukuliwe kuwa ndiyo madai yenyewe.