Tafsiri rejea ya dodoso: jinsi ya kuisoma isikupotoshe

Juma lililopita nilikaa na dada mmoja anayeandaa utafiti wa hali ya chakula vijijini. Alikuwa na maswali tisa ya HFIAS, kile kipimo cha upungufu wa chakula katika kaya kilichotolewa na mradi wa FANTA, yakiwa yameshatafsiriwa kwa Kiswahili. Alikuwa pia na tafsiri rejea, yaani Kiswahili hicho kikiwa kimerudishwa Kiingereza na mtu mwingine. Aliiweka rejea hiyo sambamba na Kiingereza cha asili, vikafanana karibu neno kwa neno. Akaniambia, "Kaka, nimemaliza, kesho naanza kufunza wahojaji." Nikamwomba asubiri siku mbili. Nilishawahi kuingia kijijini na tafsiri iliyorudi safi namna hiyo, na maswali haya haya ndiyo yaliyonifunza. Hizi ndizo hatua tulizopitia.

Hatua ya 1: Funga tafsiri kwanza

Usipeleke kurejeshwa tafsiri ambayo bado mnaibishania. Ipe tarehe, ifunge, asiiguse mtu mpaka rejea irudi. Mkibadilisha hata swali moja katikati, mtalinganisha vitu ambavyo havikutoka mahali pamoja.

Hatua ya 2: Tafuta mrejeshaji asiyelijua dodoso

Mrejeshaji anatakiwa awe hajawahi kuona maswali ya asili. Hili liko wazi, lakini halitoshi. Mtu aliyefanya kazi kwenye tafiti nyingi za chakula hahitaji kuonyeshwa HFIAS, anayo kichwani. Akikutana na Kiswahili kilichopinda, anatambua swali gani lilikusudiwa na ananyoosha bila kujua kwamba amenyoosha. Wewe unaletewa Kiingereza kizuri, na kosa limebaki palepale kwenye Kiswahili ambako mhojiwa atalisikia.

Mimi nachukua mwalimu wa sekondari au karani wa mahakama kuliko mtafiti. Awe anakijua Kiingereza vizuri, na Kiswahili awe anakizungumza nyumbani, tena cha upande ule utakakokwenda kuhoji. Neno "kaya" ni la kawaida kwa mtu wa Dodoma, limo kwenye kila dodoso la serikali. Kwa Mmijikenda wa Kilifi, kaya ni kwanza ule msitu mtakatifu wa wazee. Mrejeshaji kutoka Dodoma hawezi kukugutusha juu ya hilo.

Hatua ya 3: Mpe Kiswahili peke yake, na maelekezo

Kama dodoso liko kwenye programu ya kukusanyia majibu kama KoboToolbox au ODK, usimtumie faili zima la XLSForm, yaani lile jedwali la Excel lenye maswali yote, kwa sababu safu ya Kiingereza imo humo humo. Nakili safu ya Kiswahili tu. Mpelekee na majibu ya kuchagua na maelezo ya mhojaji, maana hayo nayo yanasomwa mlangoni. Mwambie mambo mawili: arudishe alichosoma hata kama kinasikika vibaya, na kila alipositasita aandike pembeni kilichomfanya asite. Maelezo hayo ya pembeni mara nyingi yana faida kuliko tafsiri yenyewe.

Kwa majibu ya kuchagua natumia warejeshaji wawili wasioonana. HFIAS inauliza jambo limetokea mara ngapi katika wiki nne zilizopita: mara moja au mbili, mara tatu hadi kumi, au zaidi ya kumi. Yule dada alikuwa ameliita kundi la katikati "mara kwa mara". Mrejeshaji mmoja akalirudisha kwa maana ya mara chache chache, mwingine kwa maana ya kila wakati. Wote wawili wako sahihi, neno lenyewe ndilo linabeba maana zote mbili. Tuliliondoa, tukaweka idadi zenyewe.

Hatua ya 4: Linganisha

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima ya kazi, kwa hiyo nitakaa.

Fungua jedwali la kawaida lenye safu hizi. Usilinganishe kwenye faili la maandishi, utapotea kufikia swali la nne.

```
namba,asili,tafsiri,rejea,tofauti,uamuzi,sababu
```

Watu husoma safu ya asili na ya rejea, wakiona zimefanana wanaweka alama ya vyema, wakiona zimetofautiana wanasimama. Tofauti nyingi hazina neno. Swali la kwanza linauliza kama mtu alikuwa na wasiwasi kwamba kaya haitakuwa na chakula cha kutosha. Likirudi na neno la "hofu" mahali pa "wasiwasi", hilo ni chaguo la mrejeshaji tu, nenda mbele. Yanayokuumiza ni mawili: mfanano uliozidi, na tofauti ndogo unayoipuuza.

Anza na mfanano. Swali la pili linauliza kama mtu alishindwa kula vyakula avipendavyo kwa kukosa uwezo wa kuvipata. Kiingereza kina neno moja pana hapo, na watafsiri wengi huandika "kwa sababu ya ukosefu wa rasilimali". Mrejeshaji akiona "rasilimali" hana la kufanya ila kurudisha neno lile lile la asili. Jedwali linaonyesha vyema. Sasa chukua swali hilo umsomee mama anayeuza vitumbua. Rasilimali kwake ni madini, misitu, gesi ya Mtwara, vitu vya kwenye taarifa ya habari. Tafsiri ya neno kwa neno ndiyo inayorudi vizuri kuliko zote, kwa sababu njia ya kwenda na ya kurudi ni moja. Tukaandika "kwa sababu hamkuwa na fedha au njia nyingine ya kuvipata". Rejea yake ilitofautiana na asili, na swali likaeleweka.

Kwa hiyo swali likirudi neno kwa neno, mimi nalisoma Kiswahili chake kwa sauti kabla ya kuweka alama yoyote. Kama mtu haongei hivyo sokoni, linarudi mezani.

Sasa tofauti ndogo. Swali la tisa linauliza kama mtu yeyote katika kaya alikaa mchana na usiku mzima bila kula chochote kwa kuwa chakula hakikutosha. Katika utafiti wangu ule niliousema mwanzoni, tafsiri yetu ilisema "alishinda siku nzima bila kula chochote". Rejea ilikuja na siku nzima, ila usiku haukuwemo. Niliona. Nikajiambia siku ni saa 24, usiku umo ndani yake, nikaweka alama ya vyema.

Jioni ya siku ya kwanza kijijini, tukipitia majibu, tukakuta kaya kadhaa zimejibu "ndiyo" kwenye swali la tisa na "hapana" kwenye la nane. La nane linauliza kama kuna aliyelala na njaa kwa kukosa chakula. Haiwezekani mtu akose chakula mchana kutwa na usiku kucha halafu asilale na njaa. Tuliwalaumu wahojaji, tukaangalia fomu kama ina kasoro, tukalinganisha kaya moja moja hadi usiku. Asubuhi nikarudi mwenyewe kwa bibi mmoja kati ya hao.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nikamsomea swali upya. Akasema, "Ndiyo, tumeshinda bila kula, si mara moja. Jioni baba yao akija na unga tunapika." Nikamuuliza, je, na usiku mlikosa? Akanishangaa. "Usiku si kushinda, mjukuu wangu. Usiku ni kulala."

Hapo nikaelewa. Kushinda kwa Kiswahili ni kuanzia asubuhi mpaka jua linapotua, baada ya hapo mtu analala au anakesha. Hata ukiongeza "siku nzima", kitenzi kimeshaifunga siku hiyo ndani ya mchana. Kiingereza hakina kitenzi cha namna hiyo, ndiyo maana mrejeshaji alileta "siku" tu, na siku ya Kiingereza ikanidanganya.

Kosa hilo si dogo. Katika HFIAS, maswali ya saba, ya nane na ya tisa ndiyo mazito: kaya ikijibu "ndiyo" kwa lolote kati ya hayo, hata kama ni mara moja katika wiki nne, inawekwa kundi la upungufu mkali. Kwa hiyo kaya ya yule bibi, iliyokuwa ikiruka mlo wa mchana na kula jioni, ilikuwa inahesabiwa pamoja na wanaokosa kabisa. Tulirudi kwenye kaya zote za siku ile na swali hili: "Je, katika wiki nne zilizopita, wewe au mtu yeyote katika kaya hii alikaa mchana kutwa na usiku kucha bila kula chochote kwa sababu hapakuwa na chakula cha kutosha?" Mgongano na swali la nane ukaisha.

Kwa hiyo neno lililopotea kwenye rejea usilijibie mwenyewe. Mpigie mrejeshaji, umuulize: "Uliposoma hapa, ulimwona mtu huyu akifanya nini, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi?" Usimwonyeshe asili. Jibu lake linakuonyesha picha aliyoipata, na picha hiyo ndiyo unayoilinganisha. Maneno yanayohesabu muda yote nayapitisha kwenye swali hili. "Jana usiku" kwa mmoja ni usiku tuliouamkia leo, na kwa mzee anayehesabu siku kuanzia magharibi unaweza kuwa ule wa kabla yake. Ukiandika "usiku wa kuamkia leo", wote wanakutana.

Hatua ya 5: Soma kwa watu

Rejea inaona maana iliyobadilika njiani. Haioni swali linalomwaibisha mtu wala neno asilolijua mhojiwa. Chagua watu watano au sita wanaofanana na mtakaowahoji, wasomee, kisha mwombe kila mmoja akueleze swali kwa maneno yake mwenyewe. Usimuulize kama ameelewa. Atasema ndiyo kwa heshima.

Kama utafiti wako unakaribia Ramadhani au umo ndani yake, maswali ya kutokula yasome ukiwa makini zaidi. Sehemu ya "kwa sababu hapakuwa na chakula" ni lazima isikike, na mhojaji asiimeze mwishoni mwa pumzi. Yule dada tulimhamishia sehemu hiyo mwanzoni mwa sentensi.

Hatua ya 6: Andika sababu

Kila uamuzi uingie kwenye safu ya mwisho, pamoja na yale maswali mliyoyaacha jinsi yalivyo. Baada ya miezi sita mfadhili atakuuliza kwa nini swali la pili halifanani na asili yake. Kwenye jedwali la yule dada, mstari huo unasomeka: "Rasilimali imeondolewa. Watu wanne kati ya watano waliitafsiri kuwa madini au ardhi."

Wahojaji wake wameanza mafunzo juzi, na swali la tisa ndilo walilosomeana kwa sauti la kwanza.