Mambo ya kuzingatia kwenye nguo kabla hujaenda mlimani au porini kuangalia wanyama

Viatu vivae wiki kadhaa kabla ya safari, soksi beba za akiba, kofia usiache. Hayo mnayajua, sirudii. Nataka tuongee nguo, na hasa ile inayogusa ngozi, maana watu wanahangaika kutafuta jaketi zuri afu ndani wanavaa fulana yoyote tu ya pamba. Mimi nilifanya hivyo na ilibaki kidogo nibebwe.

Siku ile tulianza kupanda saa kumi alfajiri, baridi imekaza, nikavaa vyote kwa mpigo: fulana ya pamba, sweta, jaketi zito juu yake, zipu mpaka kidevuni. Dakika ishirini hazikuisha jasho likaanza kunichuruzika mgongoni, na badala ya kusimama nivue nikaona nitachelewesha wenzangu, nikakaza mwendo. Baada ya masaa mawili tukatokea sehemu ya wazi upepo unapiga kweli, tukakaa tule kidogo. Hapo ndo nilijua. Mwili ulivyopoa tu ile fulana ikanigandia mgongoni kama nimemwagiwa maji ya barafu, nikaanza kutetemeka meno yanagongana, nikataka kufungua begi vidole havishiki zipu, na nikiongea maneno yanatoka yamelegea kama mtu aliyelewa. Kiongozi wetu akaniangalia mara moja tu akasema, "Dada, vua hiyo fulana sasa hivi, usiniambie baadaye." Wakanikinga nyuma ya mwamba, mwenzangu akanipa fulana yake kavu ya polista, sweta juu, jaketi juu, nikanyweshwa chai ya sukari nyingi. Kutetemeka kuliisha baada ya kama nusu saa hivi.

Jaketi langu halikuwa na tatizo lolote, maji yalikuwa ndani. Pamba inanyonya jasho na kukaa nalo, na maji yanaondoa joto mwilini haraka kuliko hewa, kama mara 25. Kwa hiyo ndani vaa polista au sufu nyepesi, ibane mwili kidogo ili iondoe jasho kwenye ngozi. Sufu ina faida kwamba hata ikilowa bado inatunza joto. Katikati weka sweta la sufu au flisi, hiyo kazi yake ni kushika hewa ya moto, ndo maana koti la juu la kuzuia upepo na mvua liwe na nafasi, likibana linaikandamiza ile ya katikati na joto linapotea. Jinzi acha nyumbani, nayo ni pamba, tena nzito, ikilowa haikauki leo.

Kuwa nazo haitoshi, kuna namna ya kuzitumia. Anza kutembea ukiwa unasikia kibaridi kidogo, ukianza na joto zuri ujue utaloa. Baada ya dakika kumi simama uvue moja, bila aibu. Mkipumzika vaa kwanza ndo ukae, usisubiri mpaka usikie baridi. Na kumbuka kila mita 1000 mnazopanda joto linashuka kama nyuzi 6, kwa hiyo hali ya hewa ya chini isikudanganye. Ukiona mwenzio anajikwaa ovyo, anaongea kwa kuvuta, au alikuwa anatetemeka afu ameacha wakati bado ana baridi, hiyo ni hatari, mvalisheni nguo kavu na mtafute msaada haraka.

Rangi sasa. Kwa wanyama chukua zilizopoa: kaki, kahawia, kijivu, kijani ya majani makavu. Nyeupe inaonekana mbali mno, na bluu wanyama wengi wala majani wanaiona vizuri kuliko nyekundu. Sehemu zenye mbung'o bluu iliyokoza na nyeusi usivae kabisa, mitego yao yenyewe inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Nguo za madoadoa ya kijeshi pia acha, kuna nchi raia haruhusiwi kuzivaa. Ila mlimani weka kwenye begi kitu kimoja cha rangi kali, hata kifuniko cha begi cha chungwa, ukipotea ukungu ukashuka na umevaa kaki tupu nani atakuona?

Mengine ni kujaribu tu kabla. Vaa koti lako utembee nalo, kama linapiga kelele chakarachakara kila ukinyanyua mkono basi porini halifai, mnyama atakusikia kabla hujamwona. Koti la mvua simama nalo chini ya bomba la bafuni uone linapovuja. Fulana kavu ya akiba ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji na iwe juu kabisa ya begi, sio chini ya kila kitu. Na kila zipu, ya koti na ya begi, ifungie kikamba kirefu ambacho unaweza kukivuta ukiwa umevaa glavu.